Shikamoo huitikiwa marahaba: mwongozo kwa mtu wa Lubumbashi anayekwenda Dar

Maswali ni yaleyale kila msimu wa safari za biashara. Mzee wa Dar nimsalimie vipi? Kijana akiniambia shikamoo nijibu nini? Kwa nini nilisema "Jambo yenu, papa" na watu wakacheka? Mwongozo huu ni wa mtu aliyekulia Lubumbashi, anayekijua Kiswahili tangu utoto, lakini anavuka Kasumbalesa, anakata Zambia mpaka Nakonde, na akiingia Tunduma anakuta salamu ambayo nyumbani hakuwa akiitumia. Huku kwetu heshima tunaiweka kwenye wingi: "Jambo yenu, mama", "Mulala muzuri, papa?" Kule Tanzania heshima imewekwa kwenye neno lenyewe na katika nani analitamka. Usipolijua hilo, unaweza kuwa na adabu zote za nyumbani na bado ukaonekana huna.

Mombasa na Lamu nako utaisikia shikamoo. Nairobi ni nadra, huko "habari" inakutosha. Kwa hiyo kinachofuata kinahusu Tanzania.

Maana yake kwa ufupi

Shikamoo inaelezwa kuwa imetokana na "nashika moo", na hiyo "moo" ni mguu. Anayesalimu anasema: nashika miguu yako. Marahaba imetoka kwenye Kiarabu, "marhaban", neno la kukaribisha ambalo mzizi wake unahusu nafasi pana. Kwenye Kiswahili limechukua pia maana ya kukubali: vema, nimepokea.

Ukiyaweka hayo mawili pamoja, utaona kwa nini jibu haliwezi kuwa shikamoo nyingine. Mtu akisema nashika miguu yako, nawe ukamjibu nashika miguu yako, mmeinama wote wawili na hakuna aliyepokea. "Jambo" hurudishwa kwa "Jambo" kwa sababu ni salamu ya kubadilishana. Shikamoo haibadilishwi: mmoja anatoa, mwingine anapokea, na marahaba ndiyo sauti ya kupokea. Ndiyo sababu pia mtu haanzi na marahaba. Ukiingia dukani ukasema "marahaba" kabla hujasalimiwa, umejipokelea heshima ambayo hakuna aliyekupa.

Angalizo moja kwa watu wa mjini kwetu: Mlebanoni mwenye duka akikuambia "marhaba" unapoingia, hajifanyi mkubwa wako. Katika Kiarabu chake hilo ni neno la kuanzia salamu, kama bonjuru.

Utakutana pia na watu wanaosema shikamoo ni salamu ya mtumwa kwa bwana wake, na kwa hiyo hawaitaki. Ni kweli kwamba katika pwani ya zamani walio chini waliwasalimu hivyo walio juu, watumwa wakiwemo. Lakini leo darasa zima husimama na kusema "Shikamoo mwalimu", na mtoto humwambia bibi yake hivyo kila asubuhi. Ukiwa mgeni, fuata wenyeji. Mjadala huo waachie wenyewe.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

Kwanza, matamshi. Hesabu silabi: shi-ka-mo-o. Ziko nne, na mkazo uko kwenye "mo", kwa hiyo mwisho unasikika mrefu. Ukisema "shikamo" ukakata, litaeleweka lakini litasikika kama umelimeza. Wenyeji wa Dar wao humeza mwanzoni, utasikia "shkamoo", lakini mwisho hawaukati. Marahaba ni ma-ra-ha-ba, mkazo kwenye "ha". Hapa ndipo ulimi wa Lubumbashi unapoteleza, maana sisi "hapa" tunaifanya "apa" na "hivi" tunaifanya "ivi". Ukiachilia ulimi wako, litatoka "maraaba" au hata "malaaba". Itamke "h", na "r" iache iwe "r".

Pili, neno la kumwitia mtu. Hili linaangusha watu kuliko salamu yenyewe, kwa hiyo tulia nalo kidogo. Huku kwetu mwanaume wa makamo ni "papa". Kule, papa ni samaki mkubwa wa baharini mwenye meno. Sema "baba" au "mzee". Dada yako mkubwa au kaka yako mkubwa huku ni "yaya". Kule, yaya ni mfanyakazi wa kulea watoto, na mwanamke wa miaka 40 ukimwambia "shikamoo yaya" anaweza kukuuliza umemwona wapi akibeba mtoto wa mtu. Sema "dada" au "mama". Kisha "bibi": huku kwetu "bibi yangu" ni mke wangu, kule bibi ni mama mzaa mama au mama mzaa baba, yule tunayemwita nkambo. Kwa hiyo "Shikamoo bibi" kwa ajuza ni sahihi kabisa, ila ukimtambulisha mkeo kwa wenyeji wako usiseme "huyu ni bibi yangu". Sema "mke wangu". "Mama" na "mzee" zinapita pande zote mbili bila matata. Ukisahau yote, bakia na hizo.

Tatu, makadirio ya umri. Huhitaji cheti cha kuzaliwa, unahitaji kipimo cha haraka. Mtu wa rika la wazazi wako: shikamoo, bila kufikiri. Mtu anayekupita kama miaka 10: shikamoo bado inafaa. Anayekupita miaka 2 au 3: ni mwenzako, mpe "habari". Katikati ya hapo ni eneo la mashaka, na hatua ya 5 inaeleza la kufanya.

Hatua

1. Ukiwa mdogo, anza wewe. Hii ndiyo kanuni ya msingi. Nyumbani tumezoea kwamba anayeingia ndiye anayesalimu waliokaa. Kwenye shikamoo umri unashinda mlango: hata kama wewe umekaa na mzee ndiye anayeingia, shikamoo ni yako kutoa. Mzee akiingia na kusema "Hamjambo hapa?", nyinyi wadogo hamjibu "hatujambo" mkanyamaza. Mnajibu "Hatujambo, shikamoo", naye anasema "Marahaba". Kumsubiri mzee akusalimie wewe kwanza ndilo kosa linalohesabiwa kuwa kiburi, hata kama ulikuwa unaona haya tu.

2. Tamka salamu pamoja na neno la kumwitia: "Shikamoo mzee", "Shikamoo mama". Mtu mmoja ni shikamoo, hata awe na miaka 90. Hapa kuna mtego mahususi kwetu. Tumezoea kuongeza heshima kwa kuongeza wingi, hivyo mtu akisikia kuna neno "shikamooni" anadhani hilo ndilo la heshima zaidi. Sivyo. Shikamooni ni ya watu wawili na kuendelea. Ukimwambia mzee mmoja shikamooni, atageuka kuangalia nani yuko nyuma yake. Vivyo hivyo "habari zenu" kwa mtu mmoja.

3. Ngoja marahaba. Usiunganishe "Shikamoo mzee, bei gani hii?" kwa pumzi moja. Acha nafasi apokee. Mara nyingi jibu huja na nyongeza: "Marahaba mwanangu", au "Marahaba baba", ingawa wewe ndiye mdogo. Usishtuke kuitwa baba. Ni upendo uleule ambao huku unamfanya mama amwite kitoto chake "papa".

4. Mwachie mkubwa aongoze kinachofuata. Kwa kawaida atauliza "Hujambo?" Jibu ni "Sijambo", si "Jambo" wala "Jambo sana". Atauliza habari za nyumbani, za safari, za kazi. Jibu ni "nzuri", "njema" au "salama". Hata kama una habari mbaya, jibu la kwanza ni "nzuri" au "salama", halafu ndipo unaeleza yaliyokupata. "Bien" yetu iache mpakani. Akikaa kimya baada ya marahaba, sasa unaweza kuuliza wewe: "Habari za hapa, mzee?"

5. Penye mashaka, tumia jibu kama kipimo. Ukimpa shikamoo mtu ambaye huna uhakika na umri wake, sikiliza anachorudisha. Akisema "Marahaba", amekubali kuwa mkubwa wako na kesho utamsalimia vivyo hivyo. Akisema "Salama, habari yako?" bila marahaba, amekataa kwa upole, na maana yake ni: sisi ni rika moja. Hamia kwenye "habari" siku hiyohiyo. Njia nyingine ni kukaa kando dakika moja na kusikiliza watu wa umri wako wanamsalimia vipi.

6. Kwenye kundi, anza na aliye mkubwa kuliko wote. Wote wakiwa wakubwa wako, "Shikamooni" moja inatosha na watajibu pamoja. Wakiwa mchanganyiko, toa shikamoo kwa mzee, kisha "Habari zenu?" kwa waliobaki.

7. Ukisalimiwa wewe shikamoo, jibu "Marahaba", kisha mwulize hujambo. Mtu wa miaka 30 na kitu kutoka Lubumbashi mara nyingi haamini kwamba anaambiwa yeye. Anageuka, anacheka, au anarudisha "shikamoo" kwa unyenyekevu. Usifanye hivyo. Mtoto akirudishiwa shikamoo hubaki ameduwaa, hajui aseme nini, na asipojibiwa kabisa utakuwa umemkataa. Marahaba hapa ni wajibu wako, haihusiani na kujikweza.

8. Mara moja kwa siku kwa mtu mmoja yatosha. Shikamoo haina asubuhi wala jioni, hata saa nne usiku inafaa. Ukikutana tena na mzee yuleyule mchana, "Habari za tangu asubuhi?" inakutosha.

Mkono ni jambo la pembeni. Mzee akinyoosha wake, pokea kwa mkono wa kulia, na ukitaka kuongeza heshima, mkono wa kushoto uguse kigasha cha kulia. Asiponyoosha, usimlazimishe. Na kule kugonganisha vichwa tunakosalimiana nako marafiki kwetu, usikujaribu kwa mzee usiyemjua.

Mfano mmoja, mwanzo hadi mwisho

Una miaka 34. Umefika Kariakoo, unaingia duka la vitenge la jumla. Kuna watu wanne. Kwenye benchi karibu na mlango amekaa mzee wa kama miaka 65, huyo ndiye mwenye duka. Kwenye meza ya fedha yuko mwanamke ambaye waweza kumpa miaka 40, pengine 38. Ndani kijana wa miaka 20 anapanga marobota, na kando yake mteja wa rika lako.

Wengi huenda moja kwa moja kwenye meza ya fedha kwa sababu ndiko biashara iliko. Hilo ni kosa, maana umempita mzee. Anza naye.

"Shikamoo mzee."
"Marahaba. Hujambo?"
"Sijambo."
"Habari za huko utokako?"
"Nzuri, mzee. Natoka Lubumbashi."
"Aa, Kongo! Karibu sana."
"Asante."

Sasa geukia meza. Umri wa huyu mama una mashaka: anakupita miaka 4 au 6. Una njia mbili. Ukisema "Habari za kazi, dada?" hujamkosea, kwa sababu yuko kazini na "habari za kazi" haina mkubwa wala mdogo. Ukisema "Shikamoo" naye akajibu "Salama tu, karibu", umejua kipimo chako kilizidi. Endelea na "habari" na usiombe radhi kwa kirefu, kwa sababu kadiri unavyoeleza ndivyo unavyomkumbusha kwamba ulimwona mzee. Sisi tungechagua njia ya kwanza. Kumpunguzia kidogo mtu wa miaka 40 kunasameheka haraka kuliko kumzeesha.

Kwa mteja wa rika lako: "Habari yako?" au "Mambo?" Akikuambia wewe "Mambo?", jibu ni "Poa" au "Safi".

Kijana anainua uso kutoka kwenye marobota: "Shikamoo." Huyo anakusalimia wewe. "Marahaba. Hujambo? Habari za kazi?"

Salamu zote nne hazikuchukua hata dakika mbili. Sasa uliza bei.

Pale umri usipotosha kuamua

Mama mkwe na baba mkwe husalimiwa shikamoo na mkwe wao hata wakiwa karibu naye kwa miaka, kwa sababu wanakaa mahali pa wazazi. Mwalimu hupewa na wanafunzi wake.

Ofisini ni pagumu zaidi. Mkuu wa kazi akiwa mdogo wako kwa umri, huna haja ya kumpa shikamoo, naye pengine ataona haya kujibu marahaba. "Habari za kazi" inawatosha wote. Pale Tunduma, askari kijana kuliko wewe mwambie "Habari za kazi, afande". Usimpe shikamoo ukidhani itaharakisha makaratasi. Mtu wa miaka 25 akiambiwa shikamoo na mtu wa miaka 50 anaona anachezewa au anabembelezwa.

Salamu ya dini haifuti shikamoo. Kwa Mwislamu mzee unaweza kuanza na "Asalaam aleikum", akaitikia "Waaleikum salaam", kisha ukasema "Shikamoo" naye akajibu "Marahaba". Mkatoliki atakuambia "Tumsifu Yesu Kristu", nawe unaitikia "Milele, amina", kisha shikamoo ifuate.

Kwenye simu utaratibu ni uleule: shikamoo kwanza, jina lako baadaye. "Shikamoo mzee, ni mimi mteja wako wa Lubumbashi." Kwenye ujumbe utaona vijana wakiandika "shkm". Kwa mtu unayemheshimu andika neno zima.

Mambo yakienda kombo

*Nimesema shikamoo, ameniambia "Mbona mimi mdogo?"* Jibu "Samahani, habari yako?" na uendelee. Usibishane naye kuhusu umri wake.

*Nimesema shikamoo, hakujibu kitu.* Mara nyingi hakusikia, hasa sokoni na kwenye daladala. Rudia mara moja kwa sauti iliyo wazi zaidi. Ya pili ikipita kimya, iache.

*Nilimwambia mzee "Mambo?" naye akanitazama tu.* "Mambo" ni ya rika. Palepale sema "Shikamoo mzee". Kwa kawaida marahaba itakuja, na pengine kicheko, kwa sababu lafudhi yako imeshamwambia ulikotoka.

*Nilisema "Jambo", wakanijibu kwa tabasamu la ajabu.* Kwetu Jambo ni salamu kamili ya kila siku. Kule imebaki ya watalii. Wenyeji husema "hujambo" na "hamjambo". Hukumtukana mtu, ila wamekupanga pamoja na wazungu wa hotelini.

*Rafiki yangu wa rika moja kaniambia "Shikamoo!" nilipomwonyesha gari langu.* Huo ni utani wa vijana, maana yake: umetushinda. Jibu "Marahaba" kwa sauti nzito ya mzee, mcheke.

*Nimerudi Lubumbashi, nimemwambia jirani "Shikamoo mzee", akanijibu "Shikamoo".* Hajakosea kwa vipimo vya hapa, amekurudishia kama anavyorudisha "Jambo". Kesho mwambie "Jambo yenu, papa".